Namna ya Kuandika Aya Moja ya Marudio Kuhusu Mafanikio na Mapungufu ya Seyyid Said

Mwanafunzi wa Historia anayejiandaa kwa mtihani hukutana na watawala wengi, na kila mmoja ana kurasa kadhaa katika daftari lake. Zikibaki siku chache, kurasa hizo hazisomeki tena zote. Kinachosomeka ni aya moja fupi, yenye maneno mia moja hivi, ambayo inabeba mafanikio ya mtawala na mapungufu yake kwa namna inayokaa kichwani. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuiandika aya hiyo kwa kutumia mtawala mmoja tu, Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Omani na Zanzibar. Nimemchagua kwa sababu nimesahihisha madaftari mengi ya wanafunzi wa jioni hapa Dar es Salaam, na ni huyu ambaye makosa juu yake hujirudia zaidi kuliko wengine, pengine kwa kuwa alama za ukoo wake ziko karibu nasi mno: boti ya Azam ikitia nanga Unguja, abiria anayaona majumba ya masultani mbele yake, na jiji tunaloishi lenyewe lilianzishwa na mwanawe.

Kwanza tenga yaliyo yake na yasiyo yake

Kabla ya kuandika sentensi hata moja, chukua karatasi tupu na uandike juu kabisa miaka miwili: 1806 na 1856. Hiyo ndiyo mipaka. Seyyid Said alishika madaraka Omani mwaka 1806 na alifariki tarehe 19 Oktoba 1856 akiwa safarini baharini karibu na Ushelisheli, akitoka Maskati kurudi Unguja. Ni miaka hamsini kamili, na hesabu hiyo peke yake ni msaada mkubwa, kwa sababu anayekumbuka mwaka mmoja anaupata wa pili bila shida.

Kisha chini ya miaka hiyo orodhesha kila jambo unalolikumbuka juu yake, bila kujali mpangilio. Ukimaliza, pitia orodha hiyo ukiuliza swali moja tu kwa kila jambo: je, lilitokea kati ya 1806 na 1856? Hapa ndipo wengi wanapokamatika. Wiki chache zilizopita kijana mmoja wa kidato cha tatu kutoka Mbagala alinipa kaunta buku lake, na katika ukurasa wa Seyyid Said nilikuta ameandika hivi kwa wino wa bluu:

«Seyyid Said alikuwa mtawala mzuri sana aliyeleta maendeleo mengi. Alihamisha makao makuu, alileta karafuu, alijenga Jumba la Maajabu, alianzisha Dar es Salaam na alifanya biashara na mataifa mengi. Lakini alikuwa na mapungufu kwa sababu aliuza watumwa. Baadaye alikomesha biashara ya watumwa mwaka 1873.»

Aya hiyo ni fupi na inasomeka kwa urahisi, ndiyo maana ni ya hatari: mwanafunzi aliyeikariri ataingia nayo kwenye chumba cha mtihani akiwa na uhakika. Jumba la Maajabu lilijengwa mwaka 1883, wakati wa Sultani Barghash. Mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja ulitiwa saini na Barghash huyohuyo. Dar es Salaam ilianza kujengwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860, kwenye eneo la kijiji cha Mzizima. Barghash na Majid wote ni watoto wa Seyyid Said, na kwa mwanafunzi aliyesoma haraka baba na wanawe wanageuka mtu mmoja. Kwa hiyo kati ya mambo saba ya aya ile, matatu yalikuwa ya watu wengine, na jambo la nne, yaani «alileta karafuu», lilikuwa na kasoro nitakayoieleza hapa chini.

Ninamshauri kila mwanafunzi aandike pembeni mwa karatasi majina haya matatu kwa kufuatana, Said, Majid, Barghash, na kila jambo lenye shaka alipeleke kwa mwenyewe. Kazi hiyo haichukui zaidi ya dakika kumi, na ndiyo inayoamua kama aya itakuwa ya kweli.

Pili, oanisha kila fanikio na pungufu lililozaliwa nalo

Njia iliyozoeleka ni kuandika mafanikio yote kwanza, kisha neno «lakini», kisha mapungufu yote. Sipendekezi njia hiyo, kwa sababu inamlazimisha mwanafunzi kukariri orodha mbili zisizohusiana, na orodha ya pili ndiyo husahaulika. Katika daftari nyingi nilizosoma, upande wa mapungufu umebaki na neno moja tu, utumwa, kana kwamba hapakuwa na kingine.

Njia ninayoifundisha inaanza na jambo ambalo kwa Seyyid Said ni la kweli kihistoria: karibu kila alichofanikiwa kilizaa udhaifu wake papo hapo. Ukilijua fanikio na sababu yake, pungufu linakuja lenyewe, na huhitaji kulikariri peke yake. Nachukua jozi nne tu. Mambo mengine mazuri, kwa mfano kuukodisha ushuru wa forodha kwa wafanyabiashara wa Kihindi au kueneza matumizi ya sarafu, nayaacha nje ya aya kwa makusudi, kwa kuwa jozi ya tano ikiingia aya huanza kusahaulika kuanzia katikati.

Jozi ya kwanza ni karafuu. Usiandike kwamba aliileta, kwa kuwa mikarafuu ilikuwa imeshafika Unguja kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa kabla yeye hajakanyaga Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828. Alichofanya ni kukieneza kilimo hicho, akiwahimiza na hata kuwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu kando ya minazi, mpaka Zanzibar ikaja kuongoza duniani kwa zao hilo. Kitenzi sahihi ni «alieneza». Sasa jiulize ni nani aliyepanda, aliyepalilia na aliyechuma. Mkarafuu huhitaji miaka kadhaa ya kutunzwa kabla ya kuzaa, na maua yake huchumwa kwa mkono kabla hayajachanua, kikonyo kwa kikonyo. Kazi hiyo yote ilifanywa na watumwa waliotolewa bara. Kwa hiyo utumwa haupaswi kuandikwa kama tabia mbaya iliyosimama peke yake upande wa pili wa karatasi. Ulikuwa ndani ya mashamba yenyewe, na kila shamba jipya liliongeza mahitaji ya watu wa kutumikishwa. Anayetaka kuongeza pungufu la kiuchumi anaweza kusema kwamba uchumi uliegemea zao moja, na kwamba kuenea kwa mashamba kulishusha bei ya karafuu akiwa bado hai, katika miaka ya 1840.

Jozi ya pili ni mikataba ya biashara, na hapa ndipo penye miaka mingi zaidi. Aliweka mkataba na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Bidhaa za wageni hao zilitozwa ushuru mdogo wa asilimia tano, na meli zao zikaifanya bandari ya Unguja kuwa kituo kikuu cha biashara katika pwani yote. Mpangilio wa mataifa hayo huchanganywa mara kwa mara, hasa kwa kudhani Uingereza ndiyo ilitangulia. Kinga yake iko katika lugha yetu wenyewe. Kitambaa cha pamba kilichopelekwa bara na misafara kiliitwa merikani, jina lililotokana na Wamarekani waliokileta kwa wingi, na mzee yeyote wa pwani anaijua nguo hiyo. Merikani ilitangulia, basi na Marekani ilitangulia.

Pungufu la jozi hii ni kwamba mlango uliofunguliwa kwa biashara ulipitisha na siasa. Mwaka 1841 Uingereza ilimweka Unguja balozi wake mdogo, Atkins Hamerton, na mwaka 1845 Seyyid Said alitia saini mkataba unaojulikana kwa jina la balozi huyo, uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kutoka milki yake ya Afrika kwenda Arabuni. Ulianza kutumika mwaka 1847. Wanafunzi wengi huandika mkataba wa Hamerton katika safu ya mafanikio, na ninaelewa sababu yao, kwa kuwa kupunguzwa kwa biashara ya watumwa ni jambo jema. Lakini swali hapa linahusu mtawala. Yeye hakuutaka mkataba huo. Aliukubali kwa sababu alihitaji urafiki wa Waingereza dhidi ya maadui zake wa Omani na Ghuba, na hakuwa na uwezo wa kuwakatalia. Kwa kipimo cha utawala, ni dalili ya uhuru uliopungua. Tena biashara ya watumwa ndani ya milki yake, kutoka bara hadi mashamba ya visiwani, iliendelea. Mkataba wa kabla ya huo, wa Moresby wa 1822, ulikataza kuwauzia watumwa watu wa mataifa ya Kikristo. Utaje katika insha ndefu, lakini katika aya fupi mmoja unatosha.

Jozi ya tatu ni misafara ya bara. Wakati wake njia kutoka Bagamoyo, Pangani na Kilwa zilizidi kupata nguvu, na wafanyabiashara wa pwani wakafika Tabora na Ujiji wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Upo usemi maarufu kwamba zumari likipigwa Unguja watu hucheza hadi kwenye maziwa makuu, na wanafunzi hupenda kuuleta kama ushahidi kwamba Seyyid Said alitawala mpaka huko. Usemi huo unaeleza mvuto wa biashara, na ukiutumia kuthibitisha utawala utakuwa umekosea. Ushahidi wa upande wa pili uko katika neno jingine tunalolijua sote, hongo. Siku hizi maana yake ni rushwa, lakini zamani lilikuwa jina la ushuru ambao misafara iliwalipa watemi na machifu ili iruhusiwe kupita katika nchi zao. Kama watu wako wanalipa hongo ili wapite, basi nchi ile ina mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Sijaona hoja fupi inayolipiku neno hilo katika kueleza mpaka wa nguvu za Seyyid Said.

Jozi ya nne ni dola yenyewe. Mwaka 1837 aliwashinda Wamazrui wa Mombasa, waliokuwa wapinzani wake wakubwa katika pwani, na akaifanya Unguja kuwa makao yake makuu. Kuhusu mwaka wa kuhamia, vitabu vinatofautiana kati ya 1832 na 1840, kwa sababu kuhama kwenyewe hakukuwa kwa siku moja: alikuja, akakaa, akarudi Maskati kuzima uasi, kisha akaja tena. Vitabu vingi vya shule hutaja 1840, nami nautumia huo. Fanikio ni kwamba mtu mmoja aliweza kushika Omani na pwani ya Afrika Mashariki kwa pamoja, zikiwa zimetenganishwa na bahari ambayo jahazi liliivuka kwa kungoja kaskazi na kusi. Pungufu ni kwamba kilichoziunganisha pande hizo kilikuwa yeye mwenyewe. Alipofariki, Majid alibaki Unguja, Thuwaini akashika Maskati, na ugomvi wao ukaamuliwa mwaka 1861 na Lord Canning, mtawala wa Waingereza nchini India, aliyezitenganisha rasmi na kuiamuru Zanzibar iwe inailipa Maskati riale 40,000 kila mwaka.

Mwaka 1861 uko nje ya mipaka yetu ya 1806 na 1856, na msomaji makini atauliza kwa nini nauruhusu baada ya kumkatalia yule kijana mambo ya Majid na Barghash. Tofauti ni kwamba mgawanyiko ni matokeo ya jinsi Seyyid Said alivyoujenga utawala wake, wakati Jumba la Maajabu ni kazi ya mtu mwingine. Jambo la baada ya kifo linaingia kwenye aya pale tu linapothibitisha udhaifu uliokuwapo kabla ya kifo.

Tatu, andika aya, kisha ikate

Rasimu ya kwanza iandike bila kuhesabu maneno. Itatoka na maneno mia mbili au zaidi. Baada ya hapo anza kukata, na kata kwa mpangilio huu: kwanza maneno ya sifa yasiyo na habari, kama «mzuri sana», «maendeleo mengi» na «mashuhuri», kisha marudio ya jina, kwa kuwa kiambishi cha mtendaji katika kitenzi cha Kiswahili kinatosha kumtaja, kisha miaka ambayo haikusaidii. Usikate neno «lakini», wala usikate kitenzi kinachobeba ukweli, kwa mfano «alieneza». Mwisho weka sentensi moja ya tathmini, kwa sababu swali linalosema «tathmini» haliridhiki na orodha.

Hii ndiyo aya iliyobaki baada ya mimi na yule kijana kuikata kwa muda wa saa moja:

«Seyyid Said bin Sultan alitawala kuanzia 1806 hadi 1856, akawashinda Wamazrui wa Mombasa mwaka 1837 na kuifanya Unguja makao yake makuu mwaka 1840. Alieneza kilimo cha karafuu Unguja na Pemba, lakini mashamba hayo yalitegemea kazi ya watumwa. Alifanya mikataba ya biashara na Marekani 1833, Uingereza 1839 na Ufaransa 1844, lakini Waingereza walimbana mpaka akatia saini mkataba wa Hamerton mwaka 1845. Misafara yake ilifika Tabora na Ujiji, lakini ililipa hongo, kwa kuwa bara hakutawala. Aliunganisha Omani na Zanzibar kwa nguvu zake binafsi, lakini alipofariki watoto wake waligombana, na dola ikagawanywa mwaka 1861. Kwa hiyo alijenga biashara iliyo imara kuliko dola.»

Ina sentensi sita, «lakini» nne na miaka tisa. Isome kwa sauti. Kama pumzi inakuishia katikati ya sentensi, sentensi hiyo ni ndefu mno kwa kukaririwa na inafaa ipunguzwe hata kama haina kosa. Sentensi ya mikataba ndiyo nzito zaidi, na mwanafunzi anayeona miaka inamchanganya anaweza kubaki na 1833 na 1845 tu, akasema «na Marekani mwaka 1833, kisha Uingereza na Ufaransa». Ni bora miaka saba iliyo sahihi kuliko tisa yenye miwili iliyobadilishana nafasi.

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyotuchukua muda mrefu. Kijana alitaka kuandika «kwa hiyo alikuwa na mazuri na mabaya». Nilimwuliza kama sentensi hiyo isingeweza kuandikwa kuhusu Mkwawa, Mirambo au Kabaka Mutesa, akakubali kwamba ingeweza kuandikwa kuhusu mtu yeyote. Tathmini inayomfaa kila mtawala haina alama. Tulirudi kwenye jozi nne tukatazama upande wa kushoto, tukaona karafuu, mikataba na misafara, vyote vya biashara. Tukatazama kulia, tukaona kubanwa, kutotawala bara na kugawanyika, karibu vyote vya dola. Sentensi ilijitokeza hapo.

Nne, iingize kichwani kwa njia ya mahali

Kuisoma aya mara ishirini kunaleta hisia kwamba unaijua, kwa sababu macho yanaitambua. Kuitambua si kuikumbuka. Namna ya kupima ni kufunga daftari na kuitoa mwenyewe.

Anza na maneno manne: shamba, bandari, njia, kiti. Hizo ni jozi nne kwa mpangilio wake, na zinafuata safari moja unayoweza kuiona: karafuu inachumwa shambani, inapelekwa bandarini walipo wageni wenye mikataba, kutoka pwani njia inaingia bara pamoja na misafara, na mwisho unarudi kwenye kiti cha enzi ambacho watoto wanakigombea. Katika kila mahali simama na useme mambo mawili, alichopata na kilichomponyoka, yakitenganishwa na «lakini». Yule kijana alizihamishia sehemu hizo kwenye njia yake ya kila siku: shamba aliliweka Mbagala anakopandia daladala, bandari akaiweka Kurasini, njia akaiweka kituo cha Gerezani, na kiti akakiweka kwenye benchi lake darasani. Alikuwa anaipitia aya kila asubuhi bila kufungua daftari, na abiria wa pembeni hakujua lolote.

Miaka ishughulikie peke yake, mbali na sentensi. Ichore katika mstari mmoja kuanzia 1806 hadi 1861, halafu siku inayofuata chora mstari mtupu na ujaze kwa kumbukumbu. Makosa yatakayotokea yana sura inayojulikana: 1839 na 1833 hubadilishana, na 1844 ya Ufaransa humezwa na 1845 ya Hamerton kwa kuwa zimepakana. Kwa hilo la pili, nakumbusha kwamba Ufaransa ilikuja kununua na mwaka uliofuata Uingereza ikaja kukataza.

Kuhusu siku za kurudia, iandike kutoka kichwani jioni ileile uliyoitunga, kisha asubuhi yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Kila mara linganisha na aya halisi kwa kalamu nyekundu, na uweke alama kwenye neno lililopotea tu. Neno moja likipotea mara mbili mfululizo, tatizo liko kwenye sentensi, haliko kwako. Ibadilishe. Kwa kijana wa Mbagala neno «binafsi» katika sentensi ya tano lilipotea mara tatu, na bila neno hilo pungufu halieleweki, kwa kuwa ndilo linaloeleza kwa nini dola iligawanyika. Tuliandika badala yake «aliunganisha Omani na Zanzibar yeye mwenyewe», na halikupotea tena.

Tano, jaribu kuifungua

Aya ya marudio haiandikwi mtihanini kama ilivyo, isipokuwa pale swali linapotaka maelezo mafupi. Kazi yake ni kufunguka. Swali likisema «eleza mafanikio manne ya Seyyid Said», chukua upande wa kushoto wa kila «lakini» na uupanue. Likitaka sababu za kudhoofika kwa dola yake, chukua upande wa kulia. Likisema «tathmini», tumia vyote na uanze na sentensi ya mwisho.

Jaribio la kujua kama aya imeiva ni kuchukua sentensi moja bila kuchagua na kuipanua kwa dakika tano, daftari likiwa limefungwa. Nilimpa yule kijana sentensi ya misafara, naye akaandika hivi:

«Katika utawala wa Seyyid Said biashara ya misafara ilikua kwa sababu soko la pembe za ndovu lilikuwa kubwa Unguja na wageni walileta bidhaa kama merikani. Misafara ilitoka Bagamoyo, Pangani na Kilwa, ikafika Tabora na Ujiji. Hata hivyo hakuweka utawala wake huko. Watemi wa bara waliendelea kutawala nchi zao na misafara iliwalipa hongo ili ipite. Kwa hiyo nguvu zake zilikuwa za kibiashara zaidi kuliko za kisiasa, na biashara hiyo ingeweza kuzuiwa na mtemi yeyote mwenye nguvu.»

Sentensi yake ya mwisho haikuwa kwenye aya tuliyoikariri. Aliifikia mwenyewe kutokana na neno hongo, na ni kweli: mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alipopigana na Waarabu wa Tabora, njia ya kwenda Ujiji ilifungika. Nilimwambia auandike mwaka huo pembeni kwa penseli, karibu na jina la Mirambo, nje ya aya ya Seyyid Said.